Kaulimbiu na Tarehe: Historia Fupi ya Bango la Siku ya Usafi

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wapenzi wa lugha wanaosoma ukurasa huu wameisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini huenda si wote waliowahi kuutazama mwili wa neno kaulimbiu na kuuona mnyama aliyelala ndani yake. Kauli ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Mbiu ni baragumu la pembe lililopulizwa kuwakusanya watu kwa jambo la wote. Kaulimbiu, basi, ni kauli inayofanya kazi ya pembe, yaani maneno yanayopaswa kumfikia mtu aliye mbali na kumtoa alipo.

Nasema hivi kwa sababu mimi, mwalimu mstaafu wa sekondari niliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, niliwahi kuandika bango la siku ya usafi hapa Kikatiti, na bango hilo halikumtoa mtu alipo. Ningependa kueleza kisa hicho kwa urefu. Lakini kwanza itabidi nirudi nyuma miaka hamsini na ushei, maana kosa langu lilikuwa na ukoo, na ukoo huo ni wa heshima.

Mwaka 1973 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ukuta wa darasa letu uliotazama barabara ulipakwa chokaa, na juu ya chokaa mwalimu wetu akaandika kwa rangi nyeusi maneno matatu: MTU NI AFYA. Herufi zilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto. Nakumbuka mwalimu alivyopiga kwanza mistari miwili kwa uzi uliopakwa mkaa, kisha akazigawa nafasi za herufi kwa rula ya ubaoni kabla ya kugusa rangi. Wakati ule nilidhani anachelewesha kazi tu.

Maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa jina la kampeni ya taifa zima ya elimu ya afya, iliyoendeshwa kwa vipindi vya redio na vikundi vya masomo kwa majuma kumi na mawili. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu takriban milioni mbili walishiriki. Walikutana chini ya miti, madarasani na katika ofisi za TANU, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu cha somo la siku, wakajadili malaria, kuhara, kichocho na minyoo ya safura, kisha wakaamua la kufanya. Wengi waliamua kuchimba vyoo, na vyoo vilichimbwa kwa malaki.

Tukumbuke hali ya wasomaji wa siku zile. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1967, zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata. Kwa hiyo aliyeandika MTU NI AFYA ukutani alikuwa akiwaandikia watu ambao wengi wao walijifunza silabi jana. Maneno matatu, herufi tisa, na hakuna neno lenye silabi zaidi ya mbili.

Hapa ndipo mshairi anapaswa kusimama na kutazama. Kampeni hiyo haikuwa peke yake. Kabla yake kulikuwa na Kupanga ni Kuchagua, kisha Uchaguzi ni Wako mwaka 1970. Mwaka 1972, kutoka Iringa, chama kilitoa azimio la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Karibu na siku zetu, mwaka 2017, ilizinduliwa kampeni ya vyoo bora kwa jina la Nyumba ni Choo, na mwaka 2024 jina lilelile la Mtu ni Afya likafufuliwa. Zote zimejengwa kwa mfinyanzi mmoja: nomino, kisha ni, kisha nomino au kitu kinachosimama mahali pake.

Hesabu mizani. Mtu ni afya ina mizani mitano. Nyumba ni choo mitano. Misitu ni mali sita. Siasa ni kilimo saba, na Chakula ni uhai saba. Kupanga ni kuchagua inatimiza minane kamili, sawasawa na kipande kimoja cha mshororo wa tarbia. Hakuna hata moja inayozidi minane. Sidhani kama watunzi wake walikaa na kuhesabu kwa vidole. Sikio la Mswahili limezoea kukata pumzi hapo, na kauli inayozidi hapo hulichosha.

Tazama pia kazi ya ni. Mtu ni afya haisemi kwamba mtu anahitaji afya, wala kwamba afya ni muhimu kwa mtu. Inasema mtu ndiyo afya yenyewe, na kwamba ukiiondoa afya hakuna kinachobaki. Ni ile njia ya methali zetu, kama tusemapo mtu ni watu. Irabu moja tu inatenganisha ni na na, lakini maana hutengana mbali. Baada ya Uhuru ilivuma kauli ya Uhuru na Kazi, ambayo inaviweka vitu viwili kando kwa kando kama maksai katika nira. Wengine walipoigeuza kuwa Uhuru ni Kazi, maksai wale wakawa mnyama mmoja. Herufi a ikawa i, na siasa nzima ikabadilika.

Basi nikakua nikiamini kwamba kauli ya aina hiyo ndiyo bango. Nikawafundisha hivyo wanafunzi wangu. Kila mara tulipopewa kazi ya kuandika bango la shule, tulianza kwa kutafuta nomino mbili na kuzifunga kwa ni. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba ukuta ule wa 1973 haukuwa peke yake. Saa ya kukutana ilitangazwa redioni. Mahali palijulikana. Kiongozi wa kikundi aliishi nyumba ya pili. Kauli haikuwa na kitenzi kwa sababu vitenzi vyote vilikuwa tayari vimetamkwa mahali pengine. Ilikuwa paa lililowekwa juu ya nyumba iliyokwisha jengwa.

Hali ilikuwa hivyo tena tarehe 9 Desemba 2015. Rais Magufuli alikuwa ameahirisha sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, katika mwaka ambao kipindupindu kilikuwa kimeanza kuua watu tangu Agosti. Tulitoka na reki na mafagio, na kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi kulikuwa na watu kila nilipotazama. Sikumbuki kuona bango hata moja hapa kwetu siku hiyo. Halikuhitajika. Kila Mtanzania anaijua tarehe 9 Desemba, na redio ilikwisha sema lililobaki. Baadaye ikawekwa desturi ya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana siku inayojirudia mara kumi na mbili kwa mwaka haina tena redio ya kuibeba. Inabebwa na bango.

Sasa nije kwenye kisa changu.

Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba mvua za vuli zingekuwa kubwa kwa sababu ya El Nino. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunajua maji yanakotoka na yanakopita. Karibu na soko letu kuna mtaro unaopeleka maji kwenye kalavati chini ya njia, na kalavati hilo lilikuwa limejaa mchanga, chupa za plastiki, maganda ya ndizi na vitambaa. Mwenyekiti wa kitongoji akanijia nyumbani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Habari za tangu jana?"

"Njema. Mwalimu, tunataka msaragambo wa mtaro kabla ya mvua. Wewe ndiye mwenye maneno. Tuandikie bango."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikanunua karatasi tatu za manila na kalamu nene za wino, nikakaa mezani jioni nzima. Bango lilianza kwa jina la ofisi, kama barua. Chini yake nikaweka kaulimbiu niliyoitunga kwa fahari: USAFI NI UTU, UTU NI UHAI. Kisha nikaandika kwamba wananchi wote mnatangaziwa na kuombwa kuhudhuria zoezi la usafi wa mazingira litakalofanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia 7:00, na kwamba mahudhurio ni muhimu. Nikamalizia kwa nyote mnakaribishwa. Yalikuwa maneno karibu hamsini. Niliyapanga vizuri na mwandiko ulikuwa wa kupendeza.

Hatukufika watu ishirini. Na hao hawakuja kwa pamoja. Wachache walikuja tarehe 23, kwa sababu walihesabu Jumamosi nne na mwezi kwao ukawa umekwisha. Septemba ya mwaka ule ilikuwa na Jumamosi tano, na ya mwisho ilikuwa tarehe 30. Wengine walikuja tarehe 30 lakini saa saba mchana, jua likiwa utosini, maana niliandika 7:00 kama simu inavyoandika, na mtu wa hapa akiona saba anasoma saba. Sisi tuliofika saa moja asubuhi tulikuwa tumechoka na kuondoka. Kalavati lilifunguliwa nusu. Mwezi Desemba maji yalipokuja yalikosa njia, yakaingia kwenye vibanda vya soko. Mama mmoja anayeuza maharage na mahindi alipoteza magunia yaliyokuwa chini. Nilipokwenda kumpa pole, aliniambia kwa upole ambao uliniuma zaidi ya lawama:

"Mwalimu, lile bango nililiona. Kila siku nililiona. Lakini nikiwa hapa kwenye kibanda nilisoma neno moja tu, ofisi. Nikajua ni mambo ya kodi."

Kutoka kibanda chake hadi nguzo niliyobandika bango ni hatua kama ishirini. Nilizipima siku ileile, zikawa mita kumi na nne. Nikasimama pale aliposimama yeye, nikatazama. Alikuwa amesema kweli. Jina la ofisi ndilo pekee nililoliandika kwa herufi za sentimita tano. Mengine yote yalikuwa ukungu.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa 1973 na uzi wake wa mkaa. Ipo kanuni ya zamani ya waandika mabango ambayo mimi niliifahamu tangu chuo cha ualimu, tulipofunzwa kutayarisha zana za kufundishia, lakini nilikuwa nimeiacha darasani: herufi yenye urefu wa sentimita 10 husomeka kwa raha kutoka mita 12 hivi. Mtu mwenye macho mazuri ataitambua hata mbali zaidi ya mara mbili ya hapo akikaza macho, lakini hakuna anayelikazia macho bango. Unene wa mstari wa herufi nao uwe kama sehemu moja ya sita ya urefu wake. Ukiwa mwembamba, herufi huyeyuka. Ukiwa mnene mno, matundu ya A na S hujiziba.

Kanuni hiyo inapokutana na Kiswahili, sarufi yetu inageuka kuwa suala la sentimita. Herufi kubwa pamoja na nafasi yake huchukua upana wa karibu saba ya kumi ya urefu wake. Karatasi ya manila ikilazwa ina upana wa sentimita 85 hivi, na ukiacha pambizo zinabaki 77. Neno USAFI lina herufi tano, kwa hiyo linaweza kufikia urefu wa sentimita 20 na zaidi. TUSAFISHE lina herufi tisa, na haliwezi kuvuka 12. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa mgongoni, na huo ndio utamu wake katika ushairi, lakini kila abiria anapunguza urefu wa herufi. TUTAKAPOSAFISHA lina herufi kumi na tano. Ukilitundika hilo kwenye nguzo, umemwandikia aliye hatua chache tu mbele yake.

Jambo la pili ni ukanushi. Nyuma ya soko kuna ukuta ulioandikwa zamani USITUPE TAKA. Jua na mvua vimeibambua rangi upande wa kushoto, na herufi tatu za mwanzo zimekwisha. Kilichobaki ni TUPE TAKA. Msomaji wa ukurasa huu ameshacheka: kutoka kutupa tumehamia kupa, na ukuta sasa unaomba upewe taka. Na kwa kweli unapewa, maana lundo kubwa kuliko yote liko chini yake. Lakini tuache kicheko tuone sababu. Katika lugha yetu kukataza hukaa ndani ya silabi moja, si, na silabi hiyo haina neno lake la kusimama peke yake. Tutupe na tusitupe zinatofautiana kwa herufi mbili katikati ya neno. Karibuni jicho halikosei. Kwa mbali, au rangi ikichakaa, katazo linakuwa amri. Tangu hapo sijaandika katazo kwenye bango. Naandika linalotakiwa kufanywa.

Jambo la tatu ni tarakimu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni herufi ishirini na tatu, na bado haijasema ni tarehe ngapi. Tarehe yenyewe ni alama mbili. Nilikuwa nimetumia herufi nyingi kuficha kitu ambacho alama mbili zingekionyesha.

Mwezi Februari 2024, kabla ya masika, mwenyekiti alikuja tena. Safari hii nilimwomba tukae pamoja na yule mama wa maharage, na mbele yao nikaandika kila kitu ambacho mtu anahitaji kujua ili aje. Yalitoka mambo matano: ni nini, lini, saa ngapi, wapi, na aje na nini. Kaulimbiu haikuwamo. Mwenyekiti akasita.

"Mwalimu, bila kaulimbiu si litakuwa tangazo tu?"

"Na liwe tangazo," mama akajibu kabla yangu. "Kaulimbiu mtatuambia tukishafika."

Nikalaza manila ya manjano, nikatumia rangi nyeusi ya mafuta badala ya kalamu ya wino, kwa kuwa wino wa kalamu hupauka juani kwa siku chache, na nyekundu ndiyo hutangulia kupauka. Nyeusi juu ya manjano huonekana mbali hata vumbi likishika karatasi. Nikapiga mistari kwa uzi. Mstari wa kwanza, kwa herufi za sentimita 18: USAFI. Wa pili, kwa sentimita 10: JUMAMOSI 24. Wa tatu, kwa sentimita 8: SAA 1 ASUBUHI. Chini, kwa herufi ndogo za sentimita 3, katika mistari miwili: Februari hii, mtaro wa sokoni. Njoo na jembe, fyekeo au reki. Jina la ofisi nikaliweka mwisho kabisa pembeni, dogo, likiwa ushahidi tu kwamba tangazo ni halali.

Pima sasa safari ya msomaji. Akiwa mita ishirini anaona USAFI. Akisogea hadi kumi na mbili anajua siku, na akifika tisa anajua saa. Anayetaka kujua aje na nini tayari amekwisha amua kuja, na huyo atasogea hadi mita tatu. Bango linafunguka kwa mtembeaji hatua kwa hatua, kama shairi linavyofunguka ubeti kwa ubeti, ila hapa ubeti wa kwanza lazima uwe ule unaotosha hata asiposoma wa pili. Mistari mitatu ya juu ni mifupi, kwa hiyo herufi kubwa hazikuleta taabu. Ile ya chini niliiandika kwa herufi ndogo kwa sababu sentensi ndefu ya herufi kubwa tupu, kwa Kiswahili chenye a nyingi hivi, huwa ukuta wa matofali yanayofanana.

Na kitenzi je? Sikukiacha. Nilikipeleka mahali pake pa asili, mdomoni. Niliwapa watoto wa jirani mshororo mmoja:

Jumamosi tusafishe, mtaro tuufungue.

Mizani minane na minane. Kwenye manila, mshororo huo ungeshuka hadi herufi za sentimita tatu, na usingemfikia mtu. Mdomoni haukuwa na kipimo hicho. Siku tatu kabla, watoto waliuimba wakitoka shule, na kijana wa kipaza sauti pale stendi akaudaka bila kuombwa. Nikaelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa zamani: mbiu haikufa bango lilipokuja. Kila kimoja kina herufi zake. Kinachosomwa mbali kiwe nomino na tarakimu. Kinachosikika mbali kiwe kitenzi na vina.

Jumamosi ile, saa moja na nusu asubuhi, majembe yalikuwa mengi kuliko nafasi ya kuchimba, ikabidi baadhi ya watu wapokezane. Kalavati likafunguka pande zote mbili, hata ukiinama upande mmoja ukaona mwanga wa upande wa pili. Sisemi kwamba ni bango peke yake lililowaleta. Wenye vibanda walikuwa wameona maji ya Desemba, na maji yanafundisha kuliko mwalimu. Ila ninajua kwamba wote walikuja siku moja na saa moja, na hilo halikuwahi kutokea kabla.

Wakati tunapumzika, mwenyekiti alinikonyeza nitoe ile kaulimbiu. Nikasimama juu ya lundo la mchanga tuliouchimba nikasema, usafi ni utu, utu ni uhai. Watu wakapiga makofi. Safari hii ilikuwa paa juu ya nyumba iliyokwisha jengwa, kama Mtu ni Afya ilivyokuwa ukutani kwetu, na nadhani hapo ndipo mahali pake.

Jumapili jioni nilikwenda kuyabandua mabango yangu. Lililokuwa kwenye nguzo ya soko sikulikuta. Mama wa maharage alikuwa ameshalitoa, akalikunja vizuri na kuniwekea.

"Mwalimu," akasema, "tarehe ikishapita, hili nalo ni taka."

Ninalo hadi leo. Nyuma yake bado ni manjano safi, na linatosha tarehe nyingine.